Nukta, majina na mistari inayokatana: kusoma mchoro wa saketi ukiwa mgeni

*"Shikamoo fundi. Ninajifunza elektroniki mwenyewe nyumbani. Kupima rezista na kuchomelea naweza. Lakini nikifungua mchoro wa saketi nachanganyikiwa. Mistari inakatana, pengine kuna nukta na pengine hakuna, halafu waya unaishia hewani umeandikwa tu '+5V'. Nitajuaje kipi kimeungana na kipi?"*

Marahaba. Mchoro wa saketi hauonyeshi vitu vimekaa wapi kwenye bodi, wala urefu wa waya, wala ukubwa wa kifaa. Unaonyesha jambo moja tu: pini ipi imeshikana na pini ipi. Pini zote zilizoshikana kwa waya mtupu, bila kifaa chochote katikati, ni sehemu moja ya umeme, na wachoraji wanaiita neti. Mstari ukipinda mara sita, ukigawanyika mara tatu na kuzunguka karatasi nzima, bado ni neti moja na volteji yake ni moja. Ukikutana na rezista, kapasita au dayodi, neti hiyo imeishia hapo, na upande wa pili inaanza nyingine.

Kwa hiyo unaposoma, usifuate mshale wa umeme kutoka betri mpaka taa kama tulivyofundishwa shuleni. Tafuta neti. Chukua kalamu za rangi, chapisha mchoro, halafu paka kila neti rangi yake. Ukimaliza +5V na graundi, karatasi iliyokuwa msitu inabaki na mistari michache, na hiyo michache ndiyo kazi yenyewe ya saketi.

Tuchukue saketi moja ndogo tuifuate mpaka mwisho, mchoro wake nikikueleza kwa maneno: kimulimuli cha taa ya volti 12, kinachowaka na kuzima takriban mara moja kwa sekunde. Ina soketi ya kuingiza umeme J1, fyuzi F1, dayodi D1 aina ya 1N4007, regyuleta U1 aina ya 7805, IC ya kuhesabu muda U2 aina ya NE555, transista Q1 aina ya BC547, relei K1 ya volti 5 na dayodi yake D2, soketi ya taa J2, na rezista na kapasita za kawaida.

Herufi hizo ni mwanzo mzuri, maana karibu kila mchoro unazitumia. R ni rezista, C kapasita, D dayodi, L koili, F fyuzi, J soketi, Q transista, U ni IC, K relei. Michoro ya Ulaya na ya zamani inaweza kuandika IC badala ya U, na T au TR badala ya Q. Namba inayofuata ni ya kutofautisha tu. R3 haimaanishi rezista yenye ohmu 3. Ni rezista ya tatu kwenye orodha. Thamani yake imeandikwa pembeni, na hapo kuna desturi inayowachanganya wengi: herufi hukaa mahali pa nukta ya desimali. 4k7 ni kiloohmu 4.7, na 2R2 ni ohmu 2.2. Sababu yake ni ya kikazi kabisa: karatasi ikitolewa kopi, nukta ndogo hupotea, na 4.7 ikawa 47. Herufi haipotei.

Alama zenyewe si nyingi. Rezista ina sura mbili, mstari wa mikunjo kwenye michoro ya Kimarekani na kisanduku cha mstatili kwenye ya Ulaya. Ni kitu kilekile. Kapasita ni vistari viwili sambamba, na ikiwa ina upande wa chanya na hasi utaona alama ya +, au kistari kimoja kimepindwa. Kilichopinda ndicho hasi. Kwa hizi mbili ukikosea kusoma sura utajirekebisha upesi. Pa kutulia ni kwenye dayodi na transista, kwa sababu huko mwelekeo ndio kila kitu.

Dayodi ni pembetatu inayogonga kistari. Mkondo unapita kufuata ncha ya pembetatu, na kile kistari ni kathodi, yaani upande wenye mchirizi kwenye kifaa chenyewe. Sasa angalia D2 kwenye mchoro wetu. Imechorwa sambamba na koili ya relei, na kistari chake kimeelekea +5V. Mgeni akiiona husema imewekwa kinyume, maana katika hali hiyo haipitishi umeme. Ni kweli, haipitishi wakati relei imeshika. Kazi yake inaanza transista inapokata: koili inakataa mkondo wake kusimama ghafla, inatoa mpigo wa volteji kubwa, na D2 inaupa mkondo ule njia ya kuzunguka ndani ya koili mpaka uishe. Ukiigeuza kwa kudhani unasahihisha mchoro, Q1 ikianza kupitisha tu itakuwa imeunganisha +5V na graundi kupitia dayodi, na BC547, ambayo mwisho wake ni miliampia 100, haitadumu.

Kwenye transista, mshale uko mguu wa emita. Ukitazama nje ni NPN, ukitazama ndani ni PNP. Lakini mchoro haukuambii miguu imepangwaje kwenye kifaa. BC547 ukiitazama uso bapa, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita. 2N3904 yenye umbo hilohilo ni emita, besi, kolekta. Jambo hilo linatoka kwenye karatasi ya data ya kifaa, wala si kwenye mchoro. Hata IC ni hivyo: kisanduku cha U2 kinaweza kuchorwa na pini 6 juu, 7 katikati na 2 chini, upande mmoja, kwa sababu tu mchoraji aliona inafaa. Fuata namba ya pini, usifuate mahali ilipochorwa.

Sasa tuje kwenye mistari inayokatana.

Desturi ya siku hizi ni hii: mistari miwili ikikatana na pana nukta nene, imeungana. Ikikatana bila nukta, imepishana tu, kila mmoja unaendelea na safari yake. Mstari ukifika ubavuni mwa mwingine na kuishia hapo, umbo la T, huo umeungana hata kama nukta haionekani, kwa sababu hauna pengine pa kwenda. Programu ya kuchorea kama KiCad huweka nukta kwenye T yenyewe, lakini ukiikosa kwenye mchoro wa mkono usibabaike.

Tatizo linakuja na michoro ya zamani, ile ya vitabu vya redio na vya huduma vya miaka mingi. Humo baadhi ya wachoraji walitumia kinundu: mstari unaopita juu ya mwingine unaruka kwa nusu duara kidogo. Kwenye mchoro wa namna hiyo, mkato ulionyooka usio na kinundu unamaanisha *umeungana*, yaani kinyume cha desturi ya leo. Alama ileile, msalaba mtupu, inabeba maana mbili. Kwa hiyo kabla hujafuata waya wowote, tembeza macho kwenye karatasi nzima. Ukiona nukta na misalaba mitupu lakini hakuna kinundu hata kimoja, msalaba mtupu ni kupishana. Ukiona vinundu lakini hakuna nukta, msalaba mtupu ni muungano. Ukiona vinundu na nukta pamoja, mchoraji amekuhurumia. Kila mkato umeelezwa.

Kuna mkato mmoja ambao siuamini hata ukiwa na nukta: njia nne zinazokutana mahali pamoja. Mchoraji mwangalifu haichori hivyo. Anasogeza mstari mmoja kidogo ili zipatikane T mbili zisizo mahali pamoja, kwa sababu anajua nukta ikifutika kwenye kopi, au picha ikibanwa na WhatsApp mpaka ikawa ukungu, njia nne zitasomeka kama kupishana. T haina hatari hiyo.

Turudi kwenye kimulimuli. Upande wa kushoto wa U2, rezista R1 ya 10k inatoka +5V kwenda pini 7. Kutoka pini 7, R2 ya 68k inakwenda pini 6. Pini 6 na pini 2 zimeunganishwa kwa waya, na hapo hapo kapasita C3 ya mikrofaradi 10 inashuka graundi. Kwa kuwa pini 7 imechorwa katikati ya 6 na 2, ule waya wa kutoka 6 kwenda 2 lazima ukatize waya wa 7. Pana msalaba mtupu. Ukiusoma vizuri, neti za sehemu hii ni hizi:

```
+5V    U1-3  C2-1  U2-8  U2-4  R1-1  K1-A1  D2-K
N1     R1-2  R2-1  U2-7
N2     R2-2  U2-6  U2-2  C3-1
BLINK  U2-3  R3-1
N4     Q1-C  K1-A2  D2-A
```

Hapo U2-7 ni pini 7 ya U2, K na A kwenye D2 ni kathodi na anodi, na N1, N2 na N4 ni majina niliyobandika mwenyewe kwa neti zisizo na jina. Kuandika orodha kama hii kwa mkono ni njia nzuri kuliko zote ya kugundua kama umeelewa mchoro. Kila pini lazima itokee mara moja tu. Ikitokea mara mbili, neti mbili ulizoziandika ni moja. Isipotokea kabisa, umeiruka, isipokuwa kama ina alama ndogo ya X mwishoni, ambayo maana yake mchoraji ameiacha wazi kwa makusudi.

Je, ingekuwaje kama ungeusoma ule msalaba kama muungano? N1 na N2 zingekuwa neti moja, na R2 ingekuwa imerukwa na waya. Kwa kawaida kapasita C3 hujaa kupitia R1 na R2 kwa sekunde 0.54 (ni 0.693 × 78k × mikrofaradi 10), halafu hujimwaga kupitia R2 peke yake kwa sekunde 0.47. R2 ikirukwa, kujaa kunachukua takriban sekunde 0.07 tu na kumwagika ni papo kwa papo, moja kwa moja ndani ya pini 7. Matokeo yake utaona relei imeshika na haiachii, au inanguruma kidogo, na utaanza kubadilisha IC ambayo haina kosa. Kipimo chake ni rahisi: zima umeme, chomoa U2 kwenye soketi yake, weka mita kwenye ohmu kati ya tundu la pini 7 na la pini 6. Isome karibu kiloohmu 68. Ikisoma sifuri, msalaba umegeuzwa kuwa muungano, ama kwenye kichwa chako ulipokuwa unaunganisha, ama kwa tone la solda.

Sasa ule waya wako unaoishia hewani.

Haujaishia. Jina ni waya. Kila mahali palipoandikwa +5V kwenye mchoro ule ni neti moja, kana kwamba mstari umevutwa kati yao. Mchoraji amekataa kuuvuta kwa sababu ungekatiza kila kitu. Kwenye kimulimuli chetu +5V imeandikwa karibu na U1, juu ya U2 na juu ya relei, bila mstari wowote kati ya sehemu hizo tatu. Ukijenga, sehemu hizo zote lazima uziunganishe. BLINK ni jina la namna hiyohiyo: limeandikwa kwenye pini 3 ya U2 kushoto, na kwenye mguu wa R3 kulia, ambayo ni rezista ya 1k inayoingia kwenye besi ya Q1. Mgeni anayefuata mistari tu hujenga nusu mbili nzuri zisizojuana, relei inakaa kimya, na kila nusu ukiipima iko sawa.

Kuna mambo matatu ya kuangalia kwenye majina. La kwanza, tahajia lazima ifanane kabisa. BLINK na BLINK1 ni neti mbili. VCC na +5V pia ni neti mbili mpaka uone zimeunganishwa mahali. Mara nyingi huwa moja, lakini kuna bodi ambazo VCC ni volti 3.3.

La pili, jina si kipimo. Kwenye mchoro wetu neti iliyo baada ya D1 inaitwa +12V. Ukiweka mita hapo, kwa umeme wa volti 12 kamili unaoingia J1, utasoma kama 11.3, kwa sababu D1 inakula takriban volti 0.7. Hakuna kilichoharibika. 7805 inahitaji kama volti 2 zaidi ya 5 inazotoa, kwa hiyo 11.3 inatosha kabisa.

La tatu linahusu michoro ya kurasa nyingi. Kwenye KiCad, jina lililoandikwa tupu juu ya waya linafanya kazi ndani ya ukurasa ule tu. Jina lililo ndani ya fremu yenye ncha kama kibao cha njiani ni la mchoro mzima. Alama za umeme kama +5V na GND nazo ni za mchoro mzima. Kwenye vitabu vya huduma vya televisheni na redio utakuta pembeni ya jina wameandika namba ya ukurasa na kiwanja, mfano 3-B4: ukurasa wa 3, safu B, nguzo ya 4, kwa kufuata herufi na namba zilizo ukingoni mwa karatasi.

Jina likiwa na mstari juu yake, au kiambishi cha n, au alama ya / au #, maana yake ishara ile inafanya kazi ikiwa chini, karibu na volti sifuri. RESET ya pini 4 kwenye 555 ni hivyo: ikishuka chini inazima kila kitu. Ndiyo maana mchoro wetu umeifunga kwenye +5V.

Kifaa kimoja nacho kinaweza kukatwakatwa. Koili ya K1 imechorwa karibu na Q1, lakini swichi yake imechorwa mbali, kati ya +12V na soketi ya taa J2. Hakuna mstari kati ya koili na swichi. Kinachoziunganisha ni jina K1. IC zenye sehemu nyingi huandikwa U3A, U3B na kadhalika, na zote zimo ndani ya kifaa kimoja. Baadhi ya michoro ya IC za familia ya 74 haionyeshi kabisa pini za umeme. Nyingi za miguu 14 hula umeme kwenye pini 14 na kushika graundi kwenye pini 7, lakini hakikisha kwenye karatasi ya data, kwa sababu zipo zisizofuata mpangilio huo.

Nimeacha graundi mwisho kwa sababu ndiyo jina linalorudiwa kuliko yote, na ndilo lenye hatari. Alama yake ya kawaida ni vistari vitatu vinavyopungua, au pembetatu inayotazama chini. Kwenye kimulimuli iko moja tu, na popote uionapo ni neti ileile ya hasi ya J1. Lakini ukiona *alama mbili tofauti* za graundi kwenye mchoro mmoja, simama. Mchoraji hakuchoka na alama ya kwanza. Anakuambia ni neti mbili.

Mfano mkubwa ni pawasaplai ya swichi, ile iliyomo kwenye televisheni au ndani ya chaja. Upande wa umeme wa ukutani una graundi yake, na upande wa volti ndogo una yake. Katikati pana transfoma, na kwa kawaida optokapla kama PC817, ambayo kwenye mchoro inaonekana ni taa ya LED na transista ndani ya kisanduku kimoja, moja kila upande. Wakati mwingine mstari wa vistari vifupi umechorwa kugawa pande hizo. Umeme wa volti 230 ukishanyooshwa na dayodi nne na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa unafika kama volti 325, na graundi ya upande huo imeshikana na umeme wa ukutani kupitia dayodi hizo. Si salama kuigusa hata kama imeitwa graundi.

Hapo mita nayo itakudanganya ukikosa alama. Ukiweka waya mweusi kwenye graundi ya upande wa volti ndogo na mwekundu kwenye kapasita kubwa, utasoma namba isiyoeleweka au inayoyumba, kwa sababu neti hizo mbili hazina uhusiano wa moja kwa moja. Usihitimishe kwamba kapasita ni tupu na kuishika. Ikiwa unatumia osiloskopu, klipu yake ya graundi imeunganishwa na ethi ya ukutani. Ukiibana kwenye graundi ya upande wa umeme mkubwa umetengeneza shoti. Kwa sasa, usifungue pawasaplai za namna hiyo. Soma michoro yake tu, utafute mahali neti zinapogawanyika.

Kimulimuli kinakutosha kuanza. Kichore upya mwenyewe kwenye karatasi, utumie majina ya +12V, +5V, BLINK na GND badala ya mistari mirefu, kisha andika orodha ya neti zote mpaka J2. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kila mstari wa orodha, mguu kwa mguu, ukisoma namba badala ya kusikiliza mlio peke yake: koili ya relei ndogo ya volti 5 ina ohmu kama 70 tu, na kuna mita zinazolia hata hapo zikakufanya udhani +5V na N4 ni neti moja.